Kusoma stripu ya klorini usiku: acha chati, linganisha stripu kwa stripu

Hii naandika kwa wale mnaotibu maji ya kisima wenyewe nyumbani, hasa huku kwetu Tanga pembezoni, Tongoni, Mwambani, Duga, kote ambako ukikosa bomba unarudi kisimani. Wengi sasa hivi wananunua zile stripu za kupima maji, kijikaratasi chenye kiraka cha rangi mwishoni, unachovya, unasubiri, unalinganisha na chati iliyobandikwa kwenye chupa. Mchana ni rahisi. Shida inaanza usiku, umeme umekatika au mna balbu moja ya njano sebuleni, na maji yenyewe ndo watoto wanataka kunywa saa hiyo hiyo.

Na kwa klorini huwezi kusema ngoja tusubiri kukuche. Stripu ukiiacha mpaka asubuhi rangi yake inaendelea kubadilika, nyingine inakolea, nyingine inafifia, kwa hiyo unachokisoma asubuhi sio majibu ya jana usiku. Maji nayo ukiyaweka klorini inazidi kupungua. Lazima usome muda ule ule, kwenye mwanga ule ule mbovu ulionao. Inawezekana, ila sio kwa kukodoa macho kwenye chati.

Swali lenyewe unalotaka kujibu ni dogo. Maji ulitibu jana magharibi kwa kidonge, yamekaa siku nzima, leo usiku bado yana klorini ya kutosha kuyalinda au imeisha? Kiwango kinachotumika kwa maji yaliyohifadhiwa nyumbani ni kwamba baada ya saa 24 yabaki na angalau 0.2 mg/L ya klorini huru. Yakiwa chini ya hapo maana yake mkono mchafu ukiingia ndooni, au kata ikidondoka chini ikarudishwa, hakuna kitu cha kuua wadudu. Sasa kwenye chati nyingi tofauti ya 0 na 0.2 ni tofauti ya nyeupe na nyeupe yenye kivuli cha rangi kwa mbali sana. Ni hapo hapo ambapo mwanga mbovu unakudanganya.

Kabla ya yote angalia stripu zako zinapima nini. Kama ni zile za bwawa la kuogelea, chati yake inaruka kutoka 0 kwenda 1 kwenda 3 na kuendelea, hizo hata ukizisoma juani saa sita mchana hazitakwambia habari ya 0.2. Tafuta zenye hatua ndogo ndogo, na ziwe zimeandikwa free chlorine, yaani ile klorini huru, sio total chlorine peke yake, kwa sababu hiyo ya pili inahesabu na klorini ambayo imeshajishika na uchafu na nguvu yake imebaki kidogo sana. Kama kijistripu kina viraka vyote viwili basi jua kabisa unasoma kipi kabla hujachovya.

Mwanga unaharibu nini hasa

Kibatari na balbu za njano zina wekundu na unjano mwingi lakini bluu kidogo sana. Kiraka cheupe kinaonekana kama rangi ya krimu. Zile stripu zinazotoka nyeupe kwenda zambarau, zambarau yake ya mwanzo inamezwa na ile krimu, unaona kitu cha rangi ya maziwa ya chai hujui ni sifuri au sio sifuri. Viraka vya njano hafifu ndo vinapotea kabisa. Taa za sola na tochi ya simu nyingi ni nyeupe inayoelekea bluu, hizo ni afadhali ila ledi za bei rahisi zina upungufu wa wekundu, pinki inaonekana imepauka kuliko ilivyo.

Lakini tatizo kubwa kuliko hayo, ambalo watu wengi hawalijui, ni kwamba chati imechapishwa kwa wino na kiraka kimepata rangi kwa dawa, ni vitu viwili tofauti. Wino na dawa vinaweza kufanana kabisa kwenye mwanga wa jua halafu chini ya balbu vikaachana, kwa sababu kila kimoja kinameza sehemu yake ya mwanga. Kwa hiyo hata macho yako yawe mazima namna gani, ukilinganisha kiraka na chati chini ya kibatari unalinganisha vitu ambavyo mwanga umevibadilisha kila kimoja kivyake. Hakuna tochi ya simu itakayokutibia hilo moja kwa moja.

Dawa yake ni kuweka stripu pembeni ya stripu. Viraka viwili vya chupa moja vina dawa ile ile, mwanga ukivibadilisha unavibadilisha vyote sawa. Kwa hiyo unatengeneza maji ambayo unajua yana klorini kiasi gani, unachovya stripu humo, unachovya nyingine kwenye maji yako, unaziweka bega kwa bega. Chati unaiweka pembeni kabisa.

Kutengeneza maji ya kulinganishia

Unahitaji kidonge kimoja cha kutibu maji, kile ambacho pakiti yake imeandikwa miligramu 67 kwa lita 20, chupa moja ya maji ya dukani ya lita 1, chupa mbili za nusu lita, na sirinji ya mils 5 bila sindano, ya duka la dawa. Angalia maandishi ya pakiti kwanza maana vidonge vipo vya ukubwa tofauti na hesabu ninayoitoa hapa ni ya hicho tu. Maji ya dukani nayasema makusudi, kwa sababu maji ya kisima yana uchafu unaokula klorini, ukitengenezea humo hutajua kimebaki kiasi gani.

Kidonge cha miligramu 67 kinatoa karibu miligramu 40 za klorini, zile 67 ni uzito wa dawa nzima, sio wa klorini peke yake. Ndo maana kwenye lita 20 unapata kama 2 mg/L. Sasa ukikiyeyusha kwenye lita 1 unapata 40 mg/L, maji makali, hayanywewi, yaandike kabisa kwa kalamu kwenye chupa na uyaweke juu mbali na watoto. Ngoja kidonge kiishe kuyeyuka, tikisa taratibu.

Halafu chukua chupa ya kwanza ya nusu lita, toa mils 2.5 za maji yake uyamwage, weka mils 2.5 za yale makali, funga, geuza juu chini mara kadhaa. Hiyo ni 0.2. Chupa ya pili toa mils 6 weka mils 6 za makali, hiyo inakaribia 0.5, sirinji yako ni ya mils 5 kwa hiyo unavuta 5 halafu unavuta 1. Ziandike. Na uzitengeneze muda huo huo unaotaka kupima, sio asubuhi uzitunze mpaka usiku, klorini ndogo namna hiyo inapungua haraka hasa chupa ikikaa kwenye joto au juani.

Cha tatu ni maji ya kisima yale yale ambayo hayajatibiwa, robo kikombe yanatosha. Hiyo ni sifuri yako. Usitumie maji ya dukani kama sifuri, kwa sababu kama kisima chako kina maji yenye rangi kidogo, yale yanayokaa kama chai nyepesi mvua zikinyesha, ile rangi inapaka kiraka, na sifuri ya kisimani itakuwa imepakwa vile vile. Unapolinganisha na sifuri unakuwa umeshaiondoa kwenye hesabu bila kuhangaika.

Kupanga sehemu ya kusomea

Tafuta meza, weka karatasi nyeupe ya A4, mpya, sio ya daftari yenye mistari. Ondoka karibu na ukuta uliopakwa rangi kali. Nyumba nyingi huku tunapaka bluu au kijani chini mpaka kiunoni, na ukuta huo unarusha rangi yake juu ya meza bila wewe kuona. Turubai la bluu juu ya baraza ndo baya zaidi. Na kama umejifunga kanga nyekundu ukainama juu ya karatasi, wekundu unashuka kwenye stripu, kaa nyuma kidogo au jitupie kitu cheupe.

Tumia taa moja. Kibatari kimewaka pale, balbu hapa, tochi mkononi, unapata upande mmoja wa karatasi wa njano na mwingine wa bluu, na stripu iliyoko kushoto haitafanana na ya kulia hata zikiwa zimechovywa kikombe kimoja. Zima zingine zote. Kama unachagua balbu, ile ambayo boksi lake limeandikwa 6500K ni nyeupe, 2700K ni ya njano, chukua ya kwanza. Kama ni tochi ya simu usiimulike stripu uso kwa uso, kiraka kibichi kinang'aa na ule mng'ao unafuta rangi hafifu yote. Ielekeze kwenye karatasi nyingine nyeupe iliyosimamishwa pembeni, ule mwanga unaorudi ndo usomee, au funika tochi kwa tishu mkunjo mmoja. Mwanga utoke ubavuni, wewe angalia kutoka juu.

Macho nayo yape dakika mbili tatu. Kama ulikuwa unaangalia simu au umetazama kibatari, yanakuwa yameshazoea rangi ile. Na kukiwa na giza sana jicho linaacha kuona rangi, linaona tu weusi na weupe, kwa hiyo kama huwezi kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya stripu bila kuhangaika, mwanga bado hautoshi, ongeza kabla hujachovya.

Kuchovya na kusoma

Kabla ya kulowesha chochote andika herufi kwenye ule upande wa kushikia wa kila stripu kwa penseli. S kwa sifuri, B kwa 0.2, T kwa 0.5, N kwa ndoo yako. Vikombe vinne, kila kimoja na maji yake. Mikono mikavu, usiguse kiraka, funga kopo la stripu mara tu umetoa, hewa ya pwani hii ina unyevu wa kuziua.

Muda na namna ya kuchovya fuata maelezo ya chupa yako neno kwa neno, nyingine unachovya sekunde moja tu, nyingine unazungusha ndani ya maji sekunde kadhaa, na hizi za kiwango kidogo mara nyingi zinataka kuzungushwa maana kiraka kinahitaji kukutana na maji mengi. Cha muhimu zote nne zitendewe sawa. Muwe wawili, kila mmoja anashika mbili, mnachovya kwa pamoja, mnatoa kwa pamoja, mnakung'uta mara moja maji yadondoke, mnazilaza kwenye karatasi zimegusana, S, B, N, T. Saa ya simu inahesabu. Ikifika sekunde zilizoandikwa, soma.

Usitafute namba. Jiulize maswali mawili tu. N imekolea kuliko S? Halafu N imekolea sawa au kuzidi B? Basi. Kama N iko kati ya B na T, una zaidi ya 0.2 na chini ya nusu, maji yamelindwa. Kama N huitofautishi na S, chukulia ni sifuri. Kama iko kati ya S na B, ipo ila haitoshi, na uamuzi ni ule ule wa sifuri.

Kisha mwite mtu mwingine, zibadilishe mahali, ficha zile herufi kwa kidole, mwambie azipange kutoka nyeupe kwenda iliyokolea. Usimwambie ipi ni ipi. Hii naikazania kwa sababu mtu aliyetibu maji mwenyewe anataka yawe mazima, na jicho linamletea anachokitaka. Mwanao wa darasa la tano hajui chochote, anapanga anachokiona.

Ilivyokuwa Tongoni

Mama mdogo wangu anakaa Tongoni, alitibu ndoo ya lita 20 jioni kwa kidonge kimoja, maji ya kisima masafi tu, halafu nusu akayaacha kwenye ndoo ile ya plastiki yenye mfuniko na koki, nusu akayahamishia kwenye mtungi kwa sababu anapenda ya baridi. Kesho yake usiku nimefika, kibatari mezani, ananiambia, "Mwanangu, hii karatasi yenu inasema maji yangu hayana dawa, mbona nimeweka?"

"Shikamoo mama. Umepima yapi?"

"Marahaba. Yote. Yote sawa, nyeupe."

Chini ya kile kibatari kweli zilikuwa sawa, na zote mbili zilifanana na sifuri ya chati. Tukahamia meza ya jikoni, karatasi nyeupe, tochi ikimulika karatasi ya pembeni, kibatari tukakizima. Tukatengeneza 0.2 na 0.5, tukachota maji mabichi kisimani, stripu tano maana maji ya kupima yalikuwa mawili. Ya ndoo ilikaa imekolea kuliko ile ya 0.2, imepungukiwa na ile ya 0.5. Ya mtungi ilikuwa haitofautiani kabisa na ya kisima. Binamu yangu mdogo akapanga bila kuambiwa, akaweka ya mtungi na ya kisima pamoja akasema hizi zimefanana.

Na hilo lina sababu. Udongo wa mtungi unakula klorini, una vinyweleo vingi na ukoko wa ndani, pia mtungi wake unachotwa kwa kata, mkono unaingia. Plastiki yenye mfuniko na koki inaitunza. Kwa kibatari angemwaga maji mazuri ya ndoo au angewanywesha watoto ya mtungini kwa kudhani yako sawa na ya ndoo, na yote mawili yangekuwa makosa. Ya mtungi tukayarudisha kwenye ndoo nyingine kuyatibu upya, na sasa mtungi anajaza kiasi cha kunywa siku ile ile tu.

Mambo yanayoweza kukupotosha hata ukifanya yote hayo

Stripu ya T ikibaki nyeupe kama S, usilaumu mwanga. Ama kidonge kimeisha muda au hakijayeyuka, ama stripu zako zimekufa kwa unyevu. Chovya moja kwenye yale maji makali yaliyochanganywa kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji ya dukani, ikigoma kupata rangi na kidonge hakijaisha muda na kimeyeyuka chote, basi tupa kopo zima. Hii ndo faida nyingine ya kuwa na stripu za kulinganishia, chati haiwezi kukwambia kwamba stripu imekufa, itakwambia tu sifuri, nawe utaongeza dawa kwenye maji ambayo hayahitaji.

Kinyume chake, klorini ikiwa nyingi kupita kiasi inaweza kuunguza rangi ya kiraka, kinapata rangi sekunde ya kwanza halafu kinarudi cheupe. Hii inatokea kwa mtu aliyemimina dawa ya kufulia kwa kukisia. Kwa hiyo macho yawe kwenye kiraka tangu kinapotoka majini, na kama ndoo inanukia klorini waziwazi lakini stripu ni nyeupe, changanya kikombe kimoja cha maji hayo na vikombe tisa vya maji ya dukani upime tena. Ikipata rangi sasa, umeshajua, na maji hayo usiyanywe mpaka ujue ni kiasi gani.

Picha ya simu inasaidia kwa jambo moja tu. Simu inarekebisha rangi yenyewe, kila picha kivyake, kwa hiyo kupiga stripu halafu kulinganisha na picha ya chati uliyotumiwa wasap ni kazi bure. Ila ukipiga stripu zote nne kwenye picha moja, bila fleshi, mpangilio wao unabaki kweli hata kama rangi zimebadilika, na ndugu aliyeko mjini mwenye macho mazuri anaweza kukupangia. Hilo linawafaa hasa wale ambao macho yao hayatofautishi baadhi ya rangi tangu kuzaliwa, ni wanaume zaidi kuliko wanawake na wengine hawajijui mpaka siku kama hii.

Na stripu ya klorini inasema habari ya klorini peke yake. Chumvi ya visima vya pwani haionyeshi, choo kilichochimbwa karibu na kisima hakionyeshi.

Majibu yakiwa sifuri au chini ya 0.2, tibu maji upya kwa kipimo cha pakiti, subiri dakika 30, kama maji yana ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Na wala huhitaji kidonge kipya, yale maji makali ya lita moja uliyotengeneza bado yana karibu dawa yote, ulichotoa ni mils 8 na nusu tu, ukiacha kile kijiko kama ulikitumia. Yamimine yote kwenye ndoo ya lita 20, jazia maji ya kisima mpaka kwenye alama, koroga kwa mwiko safi, funika, weka saa. Zile chupa mbili za nusu lita zinanyweka kama zilivyo.